Mkataba batili, mkataba unaotengulika na mkataba usiodaika: injini inapofika mkono wa tatu

Pale soko la samaki Bagamoyo, injini ya kupachika ni mali inayohama mikono haraka. Asubuhi iko nyuma ya boti ya mtu, jioni imefungwa kwenye boti nyingine inayoelekea Mlingotini. Kwa hiyo nitatumia injini moja tu kueleza mambo matatu ambayo watu huyaita yote kwa jina moja, "mkataba feki", ilhali kila moja linamfikisha mnunuzi wa mwisho mahali tofauti kabisa.

Tuseme wahusika ni watatu. Kuna mvuvi mwenye injini. Kuna dalali anayeichukua kwa mvuvi kwa shilingi milioni 4. Halafu kuna nahodha, mtu asiyejua lolote, anayeinunua kwa dalali. Huyu nahodha ndiye ninayemhangaikia zaidi, maana ametoa fedha yake halali na hakukaa kwenye mazungumzo ya kwanza. Swali ni je, mvuvi akija kuidai injini, nahodha ataifungua boti yake na kuirudisha?

Tuanze na udanganyifu, ambao ndio hutokea sana. Dalali anamwonyesha mvuvi ujumbe kwenye simu kwamba benki imeshatuma fedha. Mvuvi anasoma kiasi, anaona jina lake, anasaidia hata kubeba injini hadi kwenye bajaji. Kesho yake akaunti haina kitu, ujumbe ulitungwa. Wengi hudhani mkataba huu ulikuwa bure tangu mwanzo. Sivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 19, inasema ridhaa iliyopatikana kwa udanganyifu, shuruti, ushawishi usiofaa au maelezo ya uongo inaufanya mkataba uwe wa kutengulika kwa hiari ya aliyedanganywa. Uamuzi ni wa mvuvi peke yake. Akitaka, atauacha usimame na kumdai dalali milioni 4 zake. Akitaka, atautengua na kudai injini. Dalali hana hiari hiyo.

Lakini mpaka siku mvuvi atakapoutengua, mkataba uko hai, na umiliki wa injini umeshahamia kwa dalali, ingawa ni umiliki wenye ufa. Hapa ndipo nahodha anapookoka. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda anayenunua kwa mtu mwenye umiliki wa namna hii, mradi amenunua kwa nia njema, bila kujua dosari, na kabla umiliki huo haujatenguliwa. Dalali akiiuza Jumatatu jioni na mvuvi akautengua mkataba Jumanne asubuhi, injini ni ya nahodha. Mvuvi amebaki na dalali wake.

Kumbe kila kitu kiko kwenye saa. Na mtu anautenguaje mkataba na tapeli aliyezima simu? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kesi ya namna hii ilifika Mahakama ya Rufani ya Uingereza. Bwana mmoja aliuza gari aina ya Jaguar, hundi ikakataliwa benki, mnunuzi hakuonekana tena. Akakimbilia polisi na chama cha wenye magari kuomba gari litafutwe. Mahakama ilisema hilo lilitosha kuwa tangazo la kutengua, kwa kuwa tapeli alikuwa amejificha makusudi. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini wakili huweza kuuegemea. Ndiyo maana mvuvi aliyetapeliwa aende kituoni saa hiyo hiyo, ahakikishe maelezo yanasema wazi kwamba anayakataa mauzo na anataka injini yake, na yaandikwe siku na saa. Hata hivyo asijione amepona: sheria ile ile ya mauzo ina kifungu kingine kinachoweza kumlinda anayenunua kwa mtu aliyekabidhiwa bidhaa kwa ridhaa ya muuzaji, na wakili wa nahodha hatakisahau.

Na "nia njema" hupimwa kwa mambo madogo. Injini ya milioni 4 ikiuzwa kwa milioni 1 na nusu, usiku, namba ya injini imekwanguliwa, risiti hakuna, nahodha atapata taabu kumshawishi hakimu kwamba hakushuku kitu.

Sasa badilisha jambo moja tu. Injini ilikuwa ya marehemu, na aliyemuuzia dalali ni mtoto wa marehemu mwenye miaka 16, aliyeachiwa injini hiyo kama urithi wake. Hakuna aliyedanganya, fedha imelipwa yote. Lakini kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba kinataka anayeingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima, ambao kwetu ni miaka 18, na awe na akili timamu. Asipokuwa hivyo mkataba ni batili. Batili maana yake hakuna kilichozaliwa. Hakuna wa kuutengua, hakuna saa ya kuwahi, na umiliki haukuondoka kwa kijana hata dakika moja. Dalali hakuwa na kitu cha kumpa nahodha, na asiye na kitu hatoi kitu. Nahodha anaweza kuwa mwaminifu kuliko watu wote wa pwani, injini itarudi, naye atabaki kumfungulia dalali madai ya kurudishiwa bei aliyolipa.

Aina ya tatu, mkataba usiodaika, ndiyo inayosahaulika, nayo ni mkataba mzima kabisa ila mlango wa mahakama umefungwa. Ile Sura ya 214 inasema mauzo ya bidhaa ya kuanzia shilingi 200 hayadaiki mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea sehemu ya bidhaa, ametoa arubuni au sehemu ya malipo, au kuna maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa. Shilingi 200, kiasi kisichonunua hata samaki mmoja wa kukaanga, maana yake karibu kila mauzo yamo humo. Kwa shamba au kiwanja, Sheria ya Ardhi, kifungu cha 64, nayo inataka maandishi na saini.

Basi mvuvi na dalali wamekubaliana kwa mdomo tu, hakuna arubuni, injini bado iko kwa mvuvi. Nahodha anakuja kwa mvuvi mwenyewe, analipa, anaondoka nayo bila kujua. Dalali akimshtaki mvuvi, mvuvi atasema "maandishi yako wapi?" na kesi itakwama. Nahodha yuko salama.

Ligeuze. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, lakini mvuvi alikabidhi injini na dalali akamuuzia nahodha. Mvuvi hawezi kusimama baadaye na kudai injini eti hawakuandikishana. Mkataba ulikuwa halali, umeshatekelezwa, na umiliki umepita. Vilevile mtu wa nje, kwa mfano anayemdai nahodha au jirani mwenye husuda, hawezi kuingilia kati akisema mauzo yale hayana karatasi. Utetezi wa kukosa maandishi ni wa mhusika anayedaiwa chini ya mkataba ule, naye akiamua kutoutumia, hakuna mwingine wa kuutumia badala yake.

Nahodha akija kwangu na injini yake inabishaniwa, kwa hiyo, siulizi kwanza kama kuna karatasi. Namuuliza aliyeiuza mara ya kwanza alikuwa nani na ana umri gani, kisha namuuliza ulinunua siku gani, saa ngapi.