Barua ya madai ya uhamisho: kwa nini ya mwalimu mmoja hulipwa na ya mwingine hulala jaladani

Nimefanya kazi ya utumishi katika halmashauri za Lindi na Mtwara kwa muda wa kutosha kujua kwamba barua nyingi za walimu hazikwami kwa roho mbaya ya mtu. Zinakwama kwa sababu mwalimu amechanganya ndani ya karatasi moja madeni mawili yanayolipwa na mifuko miwili tofauti. Nitaeleza kwa kutumia madai ya mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishwa kutoka shule ya pwani kwenda shule ya ndani kabisa, wilaya ileile, huko ambako masika ikikolea hata bodaboda anakwambia subiri kesho. Mishahara na viwango nitakavyotaja ni vya mfano, nimevichagua viwe rahisi kuhesabu. Wewe weka vya daraja lako.

Mwalimu huyu alihamishwa mwezi wa Aprili. Ana watoto wawili, hana mwenza. Mshahara wake wa msingi wakati huo ulikuwa shilingi 800,000. Julai alipandishwa daraja, mshahara ukatakiwa uwe 950,000, lakini mabadiliko yakaingia kwenye malipo Novemba. Akaketi Desemba, akaandika barua moja yenye kichwa "Madai ya uhamisho na malimbikizo", akajumlisha kila kitu hadi shilingi 4,985,000.

Tuanze na uhamisho. Kwa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009, mtumishi aliyehamishwa kwa manufaa ya umma anadai posho ya usumbufu, posho ya kujikimu ya siku 14, nauli, na gharama za kusafirisha mizigo. Posho ya usumbufu ni asilimia 10 ya mshahara wa msingi wa mwaka. Msingi maana yake kabla ya kodi, PSSSF, bima na mkopo wa HESLB. Kuna walimu wanaopiga hesabu kwa kile kinachoingia benki na kujipunja wenyewe. Kwa mwalimu wetu, 800,000 mara 12 ni 9,600,000, na asilimia 10 yake ni 960,000. Yeye aliandika 1,140,000, kwa kuwa alitumia mshahara mpya. Aprili alikuwa hajapanda. Hiyo 180,000 iliyozidi ndiyo jambo la kwanza ambalo mkaguzi wa ndani aliizungushia kalamu nyekundu, na akishaona kosa moja anaanza kuitilia shaka barua nzima.

Posho ya kujikimu hufuata kiwango cha posho ya siku cha daraja lako. Tuseme ni 100,000. Yeye mwenyewe kwa siku 14 ni 1,400,000. Mtoto hulipiwa nusu, kwa hiyo wawili kwa 50,000 kwa siku 14 ni 1,400,000 nyingine. Wategemezi wanaolipiwa hawazidi wanne, na wawe wamo kwenye jalada lako binafsi. Mtoto wake wa pili alikuwa hajaandikwa popote. Cheti cha kuzaliwa kilikuwepo nyumbani, ndani ya bahasha, hakijawahi kufika masijala. Ilibidi kwanza ajaze taarifa zake upya ndipo mtoto atambulike.

Nauli ya watu watatu kwa 15,000 ni 45,000, na tiketi alikuwa nazo. Mizigo ndiyo ilileta maneno. Alikodi fuso lililokuwa linarudi tupu, akalipa 400,000, na dereva akamwandikia kwenye karatasi ya daftari: "nimepokea". Karatasi ile haina namba ya gari, haina njia, haina uzito. Afisa hawezi kuijadili. Kama huwezi kupata risiti ya mashine, basi karatasi hiyo ioneshe namba ya gari, kutoka wapi kwenda wapi, kilomita, makadirio ya tani, jina na sahihi ya mwenye gari, na mtendaji wa kijiji ulikopakulia aigonge mhuri. Tuliirudisha ikatengenezwa hivyo. Jumla halali ya uhamisho wake ikawa 4,205,000.

Sasa kipengele ambacho nusura kimnyime yote. Miaka ya nyuma mwalimu huyu aliwahi kuandika barua ya kuomba kuhamia mjini kwa sababu za kifamilia. Hakupewa. Alipohamishwa Aprili alipelekwa upande wa pili kabisa, lakini barua ya uhamisho ilisema tu "umehamishwa" bila kutaja nani anagharamia. Aliyefungua jalada akakutana na lile ombi la zamani, akaandika pembeni: kwa maombi binafsi. Na aliyehama kwa maombi yake hujigharamia. Ndiyo maana nasema, ukipokea barua ya uhamisho, kabla hujafunga godoro tafuta mstari wa gharama. Kama haupo, andika siku zilezile kuomba ufafanuzi. Yeye aliokolewa na sentensi moja katika barua ileile, iliyosema anakwenda kuziba upungufu wa walimu. Kituo alichoomba na kituo alichopelekwa ni viwili tofauti, na sababu iliyotajwa ni ya mwajiri.

Malimbikizo ya mshahara ni habari nyingine. Tofauti ya 150,000 kwa miezi minne, Julai hadi Oktoba, ni 600,000. Fedha hizi Mkurugenzi hazilipi kutoka kwenye matumizi mengineyo ya halmashauri. Zinaingizwa na afisa utumishi kwenye mfumo wa mishahara, zinaidhinishwa juu, Hazina inalipa pamoja na mshahara, na kodi inakatwa, kwa hiyo usishangae slipu ikionesha pungufu. Viambatisho vyake ni barua ya kupandishwa daraja, na slipu za miezi yote inayodaiwa pamoja na ya mwezi mshahara ulipobadilika. Tiketi za basi humo hazina kazi.

"Kaka, si mwajiri ni yuleyule mmoja?" aliniuliza. Mwajiri ni mmoja, ila barua yake ilikwenda kwa mhasibu, mhasibu akaona mambo ya mshahara akairudisha utumishi, utumishi wakaona madai ya fuso wakairudisha uhasibu.

Akaandika mbili. Ya uhamisho ilikuwa fupi hivi:

"Yah: Madai ya gharama za uhamisho. Rejea barua yako yenye kumbukumbu namba… ya tarehe… iliyonihamisha kutoka… kwenda… ili kuziba upungufu wa walimu. Niliripoti kituo kipya tarehe… kama barua ya Mwalimu Mkuu iliyoambatishwa inavyothibitisha. Naomba kulipwa jumla ya shilingi 4,205,000 kwa mchanganuo ulioambatishwa. Sijawahi kulipwa sehemu yoyote ya madai haya."

Juu kuna jina kamili, cheki namba na kituo. Inaelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, ikipitia kwa Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu Kata na Afisa Elimu Msingi, na kila mmoja anaandika maoni yake na tarehe. Ile sentensi ya mwisho usiiache, maana wapo waliolipwa nauli mkononi wakaidai tena.

Peleka nakala mbili masijala. Moja inabaki, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na dai ambalo halijalipwa hadi hapo linageuka deni: linaingia kwenye orodha, linahakikiwa na mkaguzi wa ndani, kisha linapelekwa ngazi za juu. Wakati wa uhakiki ndipo mtu huambiwa barua yake haionekani. Mwenye nakala yenye mhuri huingizwa kwenye orodha siku hiyohiyo. Asiye nayo huanza tena kwa Mwalimu Mkuu, ambaye mara nyingi naye ameshahamishwa.