Kutoka mapokezi hadi dawati la msaada wa kompyuta

"Nimekaa mapokezi miaka yote. Bila digrii ya kompyuta, nani ataniajiri kwenye IT?"

Dawati la msaada, ngazi ya kwanza. Pale sehemu kubwa ya kazi ni kumhoji mtu aliyekasirika na kuandika alichosema, na hiyo unaijua tayari. Kinachobaki hufunzika nyumbani. Mtu anapiga simu: "Intaneti imekufa!" Unajaribu amri hizi mbili kwenye dirisha la amri la kompyuta:

```
ping 8.8.8.8
nslookup wikipedia.org
```

Ya kwanza ikijibu na ya pili ikigoma, mtandao upo. Shuku DNS, inayogeuza majina kuwa anwani. (Ping ikigoma usihukumu haraka, baadhi ya ofisi huizuia.) Andika tatizo, ulichojaribu na matokeo kama tiketi, yaani rekodi ya tatizo la mteja, uende nayo kwenye usaili. Matangazo yanayodai digrii yapo, lakini mengine ya ngazi hii huandika "au uzoefu".