Mbona Mikono Haishiki Ukingo? Dhana Potofu Kuhusu Motion Warping na MatchTarget

Lalamiko la wanaotengeneza gemu zenye mhusika anayepanda ukuta linakuja kwa maneno yale yale kila mara: "Shabaha nimeiweka juu ya ukingo kabisa, hata kiduara chekundu nimekichora hapo nikihakikisha, lakini mhusika anapaa na mikono inashika hewa." Kabla hujajibu, mwenye mradi ameshaanza kuulizia IK ya kuirudisha mikono chini. Acha IK kwanza. Mikono haina kosa lolote hapo.

Dhana: Motion Warping ya Unreal huvuta mikono hadi kwenye shabaha

Ukweli: haivuti mikono hata kidogo. Inarekebisha mwendo wa mzizi peke yake, yaani ule mfupa wa chini kabisa unaombeba mhusika mzima. Mabega, viwiko na vidole hubaki katika pozi ileile aliyoichora mwanimesheni. Mkono unafika ukingoni kwa sababu mwili mzima umepelekwa mahali ambapo, fremu ya kugusa ikifika, mkono na ukingo vinakutana.

Kwenye Unreal, usipoeleza vinginevyo, shabaha uliyoitoa inahesabiwa kuwa mahali pa mzizi, na mzizi uko kwenye nyayo. Ukiweka shabaha juu ya ukingo, umeiagiza injini isimamishe nyayo pale katika fremu ambayo mikono ilipaswa kugusa. Nayo inatii.

Tuchukue mfano wenye vipimo. Klipu ya kupanda ina fremu 45, kwa fremu 30 kwa sekunde. Ilitengenezwa kwa ukuta wa sentimita 150, mhusika akianzia sentimita 70 kutoka ukutani. Mikono inagusa katika fremu ya 18. Wakati huo mzizi umesogea mbele sentimita 40 na kuinuka 10, na kifundo cha mkono kiko sentimita 24 mbele ya mzizi na 136 juu yake. Kwa hiyo kifundo kimebakiza sentimita 6 kufika uso wa ukuta na kiko 4 chini ya ukingo, kama inavyokuwa vidole vinapokunjwa juu ya ukingo.

Ndani ya gemu mchezaji anakutana na ukuta wa sentimita 175, ulio sentimita 90 mbele yake. Kifundo kinatakiwa kiwe mbele 84 na juu 171. Toa 24 na 136, na unapata mahali pa mzizi: mbele 60, juu 35. Hiyo ndiyo kazi yote ya Motion Warping hapa, kuugeuza mwendo wa 40 na 10 uwe wa 60 na 35. Yule aliyeweka shabaha ukingoni bila kueleza kitu ameupeleka mzizi kwenye 90 na 175, na vifundo vyake viko sentimita 311 kutoka ardhini. Ukiona mikono imepita juu ya ukingo kwa karibu urefu wa mtu hadi kifuani, usitafute zaidi, kosa ni hilo.

Dawa inayoonekana rahisi ni kwenda kwenye ukanda wa Motion Warping ndani ya montaji, kuweka `Warp Point Anim Provider` iwe `Bone`, kisha kuandika jina la mfupa, mathalani `hand_r`. Injini itasoma pozi ya mwisho wa ukanda na kufanya ile hesabu ya kutoa yenyewe. Hapo ndipo wengi hutangaza ushindi mapema, maana mitego miwili bado ipo. Kwanza, `hand_r` ni kifundo, si kiganja. Shabaha ikiwa kwenye ukingo wenyewe, kifundo ndicho kitakachokaa ukingoni: mwili unaingia ukutani sentimita 6 na viganja vinaelea sentimita 4 juu. Pili, hesabu inachukua pia mzunguko wa mfupa, na mhimili wa mbele wa mfupa wa mkono hauelekei ukutani. Ukitoa shabaha iliyoelekezwa ukutani, mhusika mzima anageuzwa ili mkono ulingane nayo, na utamwona akipanda kiubavu au akiupa ukuta mgongo.

Kwa sababu hiyo nasisitiza mfupa msaidizi, na sitachoka kulisema. Muombe mwanimesheni aongeze mfupa mmoja chini ya mzizi, tuuite `ukingo`, usiobeba ngozi yoyote. Katika klipu uwekwe mahali ukingo ulipokuwa wakati wa kutengeneza, mhimili wake wa mbele ukielekea ukutani. Sasa katika fremu ya 18 mfupa huo uko sentimita 30 mbele ya mzizi na 140 juu yake. Shabaha ya 90 na 175 ukiitoa hivyo inakupa 60 na 35, jibu lilelile, bila kugusa kifundo wala kubahatisha nusu kiganja. Klipu ikibadilishwa kesho, msimbo haubadiliki.

Shabaha yenyewe inahitaji miale miwili. Wa kwanza unapigwa mbele kwa urefu wa kifua na kukupa uso wa ukuta pamoja na mwelekeo wake. Wa pili unapigwa kutoka juu kwenda chini, sentimita 10 hivi ndani ya ule uso, na kukupa kimo. Chukua X na Y za wa kwanza na Z ya wa pili. Anayechukua nukta nzima ya mwale wa pili anaizamisha mikono sentimita 10 ndani ya ukuta, kisha anailaumu animesheni.

```cpp
FVector Nukta = MwaleMbele.ImpactPoint;
Nukta.Z = MwaleChini.ImpactPoint.Z;
MotionWarping->AddOrUpdateWarpTargetFromLocationAndRotation(
    TEXT("Ukingo"), Nukta, (-MwaleMbele.ImpactNormal).Rotation());
```

Alama ya kutoa kabla ya `ImpactNormal` ina kazi, kwa sababu vekta hiyo hutoka ukutani kumwelekea mchezaji. Jina `Ukingo` nalo lifanane herufi kwa herufi na lile la kwenye ukanda. Yasipofanana, marekebisho hayatatokea na klipu itacheza kama ilivyo.

Dhana: ukanda ukiwa mrefu, mwendo unakuwa laini zaidi

Ukweli: ukanda uishie kwenye fremu ya kugusa, wala usivuke hapo. Katika mfano wetu uanze fremu ya 6, miguu inapoachana na ardhi, na uishe fremu ya 18. Ukiuanza fremu ya 0, miguu iliyokanyaga itateleza. Ukiuvuta hadi fremu ya 40, mzizi utaendelea kurekebishwa huku mikono imeshashika, na mikono itaburuzwa juu ya ukingo kama kitambaa cha kufutia meza.

Wengi huweka ukanda wa pili kwa sehemu ya kujivuta juu, wakidhani nayo inahitaji kurekebishwa. Piga hesabu uone. Katika klipu mzizi unatoka 40 na 10 kwenda 100 na 150, yaani mbele 60 na juu 140. Kwenye ukuta mpya unatoka 60 na 35, na ukiongezewa 60 na 140 unafika 120 na 175. Hiyo ni juu ya ukuta kamili, sentimita 30 ndani ya ukingo, kama ilivyokuwa kwenye klipu. Mikono ikishika mahali sahihi, sehemu iliyobaki inajilinganisha yenyewe. Ukanda mwingine una maana pale tu mikono inapoachia, kama mhusika anaruka ukuta na kutua upande wa pili ambako ardhi iko chini zaidi.

Dhana: klipu moja inatosha kuta zote

Ukweli: hesabu itakubali, macho hayatakubali. Kwa ukuta wa sentimita 220, mzizi utalazimika kuinuka sentimita 80 ndani ya sekunde 0.4, huku miguu ikiwa katika pozi ya kuruka sentimita 10. Mhusika ataonekana anavutwa kwa kamba. Kipimo changu ni sentimita 25 juu au chini ya kimo cha klipu. Tengeneza ya 100, ya 150 na ya 200, kisha msimbo uchague iliyo karibu.

Dhana: ukiwa na Motion Warping huhitaji IK

Ukweli: shabaha ni moja na mikono ni miwili. Ukuta ukiwa umepinda nyuzi 20 kwa mchezaji nawe umezima `bWarpRotation`, mkono ulio sentimita 40 kando ya ule uliolinganishwa utakosea kwa karibu sentimita 14, ama ndani ya ukuta ama nje. Washa mzunguko kwanza. IK ije baadaye kumaliza sentimita mbili tatu za ukingo usio sawa. Ikiombwa kuziba 14, kiwiko kitanyooka kama fimbo.

Dhana: MatchTarget ya Unity ni kitu kilekile

Ukweli: lengo linafanana, masharti yanatofautiana. Huko unautaja mkono moja kwa moja, na muda unahesabiwa kwa sehemu ya klipu, si kwa sekunde. Fremu ya 6 kati ya 45 ni 0.13, ya 18 ni 0.40.

```csharp
if (!animator.IsInTransition(0) && !animator.isMatchingTarget)
    animator.MatchTarget(nukta, Quaternion.identity, AvatarTarget.RightHand,
        new MatchTargetWeightMask(Vector3.one, 0f), 0.13f, 0.40f);
```

Hufanya kazi kwenye tabaka la kwanza peke yake, na ombi la pili likija kabla la kwanza halijaisha linatupwa. Ile `0f` inazima ulinganisho wa mzunguko, kwa hiyo mgeuze mhusika aukabili ukuta kabla ya klipu kuanza.

Dhana: mhusika asipoinuka, Motion Warping imeharibika

Ukweli: angalia `bIgnoreZAxis` kwanza. Huja ikiwa imewashwa, na ikibaki hivyo kimo cha shabaha hakisomwi. Kisha angalia hali ya mwendo. Mhusika akiwa kwenye `MOVE_Walking`, mwendo wa mzizi wa kwenda juu unatupwa, hivyo badilisha iwe `MOVE_Flying` kabla ya kucheza montaji. Mgongano wa kapsuli na ukuta huo nao uzimwe kwa muda, la sivyo kapsuli inakwama kwenye uso wa ukuta na mikono inabaki nyuma ya ukingo hata kama hesabu zote ni sahihi. Kurudisha hali ya mwendo na mgongano kufanyike montaji inapokamilika na pia inapokatizwa. Wanaosahau kukatizwa huletewa ripoti ya mchezaji aliyepigwa risasi akiwa ukutani, akaanza kuelea.