Nyayo zilizovimba: kesi ya utesaji inavyojengwa, na inavyoharibika

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa Pemba kakamatwa usiku wa Ijumaa kwa tuhuma za kuiba mashine ya boti. Jumatatu anatoka kituoni hawezi kukanyaga chini. Anasema kapigwa nyayo kwa mpira wa maji mpaka akatia saini maelezo aliyoandikiwa.

Je, huo ni utesaji kisheria, au ni kipigo tu? Ibara ya 1 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji, wa 1984, inataka mambo manne: maumivu makali ya mwili au ya akili, yafanywe makusudi, yawe na lengo, kama vile kupata maelezo, kuadhibu, kutisha au kubagua, na mtumishi wa dola awe na mkono wake humo. Kwa kijana wetu yote manne yapo. Jambo la nne ndilo watu hulifahamu vibaya. Lau angepigwa na watu wa mtaani huku askari kasimama anatazama, akaacha makusudi kuzuia, sharti lingetimia pia, kwa sababu mkataba unamhesabu anayeridhia au kufumbia macho.

Ibara ya 2 inafunga milango ya visingizio: si vita, si hali ya hatari, si amri ya mkubwa. Kipimo kigumu kilikuja Ujerumani mwaka 2002. Polisi wa Frankfurt walimtishia mtuhumiwa kwamba atapata maumivu makali asipotaja alipomficha mtoto aliyemteka. Walidhani mtoto yu hai. Kumbe alikuwa ameshakufa. Katika kesi ya mtuhumiwa huyo, Gäfgen, mwaka 2010, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kitisho kile kilikuwa unyama, ijapokuwa hakikufikia utesaji, na hata nia ya kuokoa maisha haikukihalalisha. Ikaenda mbali zaidi: faini ndogo walizopewa maofisa wawili, tena zilizosimamishwa, hazikutosha kuwa adhabu.

Hapa kwetu msomaji atauliza: Tanzania si mwanachama wa mkataba huo, sasa unatuhusu nini? Marufuku yenyewe inatufunga. Mwaka 2012, katika kesi ya Ubelgiji dhidi ya Senegal kuhusu Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad aliyetuhumiwa utesaji, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka kwamba marufuku ya utesaji ni kanuni ya juu isiyoruhusu kupunguzwa. Lakini wajibu wa kushtaki uliomo mkatabani iliuhesabu kuanzia siku mkataba ulipoanza kuifunga Senegal. Kwa hiyo sisi wajibu wa kuchunguza na kushtaki hatuutafuti humo. Tunautafuta kwenye Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania iliuridhia 1976, pamoja na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Naona mawakili wengi huiruka tofauti hii, na hoja yao hukatika hapo.

Sasa uchunguzi. Hausubiri malalamiko ya maandishi; kukiwa na sababu ya kuamini tu, unaanza. Unamtaka mchunguzi asiyekuwa chini ya mkubwa yule yule wa askari anayetuhumiwa. Tatizo la kwanza ni PF3. Hospitali huiulizia, na fomu hiyo hutolewa na polisi, yaani mlalamikaji anaomba karatasi kwa wale wale anaowalalamikia. Wakati anazungushwa, ushahidi unapotea: uvimbe na michubuko ya nyayo huweza kuisha ndani ya siku chache, na ngozi ya hapo ni nene, haiweki kovu kwa urahisi.

Basi mgonjwa atibiwe kwanza, na daktari aandike siku hiyo hiyo. Aandike maneno ya mgonjwa mwenyewe, achore mahali pa jeraha, apige picha yenye rula pembeni, na askari asiwemo chumbani. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza utesaji, inampa daktari ngazi za kusema jeraha linaoana kwa kiasi gani na maelezo, kutoka kutooana kabisa hadi jeraha lisiloweza kuwa na chanzo kingine. Asikadirie tarehe kwa rangi ya mchubuko, kipimo hicho hakitegemeki. Na asiandike "hakuna dalili ya kupigwa" kwa sababu tu haoni alama. Utesaji mwingi hauachi alama.

Mchunguzi naye achukue mapema rejesta ya mahabusu na orodha ya zamu, kabla hazijaandikwa upya, na awatafute waliokuwa mahabusu pamoja na mlalamikaji. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inaweza kupokea malalamiko na kuchunguza, lakini haishtaki. Jalada linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka Zanzibar.

Hapo ndipo kosa huweza kupungua uzito. Likiandikwa kuwa ni shambulio la kawaida, lengo la kumlazimisha kukiri halina pa kukaa kwenye hati ya mashtaka, na mkubwa aliyejua akanyamaza anatoka nje ya kesi. Anabaki askari mmoja na mpira wake.