Mume amefariki, ndugu zake washaleta gari mochari: nani ana haki ya kuzika?

Simu za hivi huwa zinaingia asubuhi. Mke analia, ananiambia: wakili, mashemeji wamekuja na gari wanataka kumpeleka nyumbani kwao na mimi sijakubali. Kitu cha kwanza namuuliza, mwili bado uko mochari? Kama uko, bado tuna nafasi.

Wengi wanadhani kesi ni ya nani mwenye maiti. Kwa sheria ya Kenya maiti si mali ya mtu, hairithiwi kama shamba. Korti inatafuta nani mwenye jukumu la kuzika, na hapo ndipo mambo yamebadilika sana.

Kesi ambayo wazee wote wanaitaja ni ya wakili S.M. Otieno, Mjaluo aliyefariki Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu, alitaka amzike shambani kwao Upper Matasia, Ngong, akasema hata marehemu mwenyewe hakutaka kuzikwa kijijini alikozaliwa, Nyalgunga, Siaya. Ukoo wa Otieno, Umira Kager, ukakataa. Mwili ukakaa mochari miezi mitano, na Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi: kwamba Mjaluo anabaki Mjaluo, ndoa ya cheti na maisha ya Nairobi havimtoi kwenye mila, na alichosema kuhusu kaburi lake hakiifungi korti. Wambui hakuenda mazishini. Mimi hiyo hukumu inaniuma hadi leo, manake mtu aliyeishi na marehemu zaidi ya miaka 20 aligeuzwa mgeni.

Ila 2004 jaji Ojwang akaamua kwamba wa kwanza kwenye foleni ni yule aliye karibu zaidi na marehemu kisheria, na mara nyingi huyo ni mwenzi wa ndoa. Majaji wengi siku hizi wanaanzia hapo, alafu wanaangalia mlivyoishi. Na hapa ndio wake wengine wanashindwa, yaani una cheti sawa, lakini mliachana miaka minane na dada yake ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, jaji atauliza ulikuwa wapi. Mila nayo haijafutwa, bado inapimwa, na matakwa ya marehemu pia yanapewa uzito hata kama hayafungi.

Kwa hivyo yule mama wa simu namwambia aje na cheti cha ndoa, au kama hawakufunga rasmi, alete picha za kupeleka mahari, risiti za kodi ya nyumba, karatasi za hospitali zenye jina lake kama mtu wa karibu, na mashahidi wawili majirani. Siku hiyo hiyo tunapeleka ombi la dharura kwa hakimu, tunaomba amri ya muda mwili usitolewe. Amri ikitoka isikae mfukoni, ipelekwe mkononi kwa msimamizi wa mochari asaini ameipokea, kwa sababu wakishamzika inabidi uombe kufukua, na hiyo korti haikupi kirahisi hata kidogo.

Na kila siku ya kesi bili ya mochari inapanda, ndio maana mara nyingi kabla ya kusikizwa nawaomba wakae chini na mashemeji, hata kama ni kukubaliana tu azikwe kwao lakini mke na watoto wasimame mbele na majina yao yawe kwenye tangazo la kifo.