Wanga si ukoo mzima

Kabohaidreti ni jina la ukoo: mna sukari, mna wanga, mna na nyuzinyuzi ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya. Basi. Shida ni kwamba waendesha kinga, yaani baiskeli, wa Lubumbashi, wakijiandaa kwenda Likasi, huuita ukoo wote kwa jina la mtoto mmoja. Wakiambiwa "kuleni wanga njiani", wanafunga bukari, yaani ugali, kwenye plastiki, na sukari inabaki nyumbani eti si chakula.

Neno lenyewe lina historia. Pwani, wanga ni ule unga laini mweupe unaotolewa kwenye viazi, wa kupikia uji au kukazia nguo kabla ya pasi. (Usichanganye na bwanga wa Waluba, ambao ni dawa na hirizi, ingawa ukiwasikia wengine wakisifia vyakula vyao, utadhani ndio huo.) Wanga ni glukozi nyingi zilizoshikana mnyororo. Utumbo hukata mnyororo, kisha mwili huunda mwingine wake, glikojeni, na kuuweka kwenye misuli na ini. Akiba hiyo ndiyo inayokauka katikati ya safari: miguu inakuwa mitupu, kichwa kinakuwa chepesi, hasira inakuja bila sababu.

Si kwamba bukari unachelewa kumeng'enywa. Ni maji mengi. Gramu 100 za bukari uliopikwa zina kabohaidreti kama 25 hadi 30 tu, na mtu anayeendesha kwa muda wa saa tano anahitaji karibu gramu 60 kila saa. Hiyo ni gramu 200 hadi 240 za bukari kila saa, kwenye tumbo ambalo damu yake imekwenda miguuni. Atavimbiwa kabla ya kufika nusu.

Sukari ya mezani hufanya kazi hiyo ya saa moja kirahisi: vijiko vitano vya supu, visivyojaa kilima, kwenye mililita 750 za maji pamoja na chumvi kidogo. Anza kunywa baada ya nusu saa, mafunda machache kila dakika 15, usingoje njaa. Ukizidisha sukari kwa maji yaleyale, kinywaji kinakwama tumboni na kichefuchefu kinafuata.

Wanga una saa zake. Muda wa saa tatu kabla ya kuondoka, mtu wa kilo 70 anaweza kula gramu 140 za kabohaidreti: mkate mkubwa na chai yenye sukari, bila mafuta mengi wala maharage. Na jioni akishafika, bukari ndio mahali pake. Kama kesho yake anarudi kwa kinga, asisubiri jioni. Aanze kula mara tu anaposhuka.

Kwa hiyo ukimwambia mwenzako "beba wanga", na unachotaka kiwe chupani ni sukari, mwambie tu sukari.