Soda haijengi mwili

"Nina miaka 21, nimekonda sana. Nikinywa soda kila siku si nitanenepa?"

Utapata kitambi na meno mabovu, misuli ibaki ilivyo. Soda ya nusu lita ina kalori kama 200, zote za sukari. Karanga gramu 50 zina karibu kalori 300, tena na protini. Kwa hiyo koroga vijiko viwili vya siagi ya karanga kwenye uji wa asubuhi, na jioni ongeza yai na parachichi juu ya mlo wako wa kawaida. Piga pushapu na skwati mara tatu kwa wiki, maana misuli hukua ikifanyishwa kazi. Jipime kila wiki. Ukiongezeka robo kilo kwa wiki inatosha. Ukiendelea kukonda ilhali unakula vizuri, au ukiwa na kikohozi kisichokoma na jasho la usiku, kapimwe kwanza kisukari na kifua kikuu.